Profaili ya kutafuta marafiki kwa mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka nje

Hii nimeiandika baada ya kukaa na dada mmoja aliyerudi kutoka majuu, tukamtengenezea profaili mpya ya kutafuta marafiki. Nasema marafiki, sio mchumba. Ukichanganya hayo mawili kwenye profaili moja watu hawajui wakujibuje, basi wanakuacha tu.

Mi napendelea Bumble For Friends manake ni apu yake peke yake, imetenganishwa na ile ya mapenzi toka 2023, hapo si rahisi sana kumkuta mtu anayejifanya kaja kutafuta urafiki kumbe ana yake. Kama kwenu haina watu, maelezo haya haya utayatumia kujitambulisha kwenye grupu la WhatsApp au la Facebook la watu wanaofanya kitu unachokipenda, hayabadiliki sana.

Kabla ya yote elewa ishu moja, ndo imebeba mwongozo wote huu. Profaili ya mtu aliyetoka nje, ikiachwa ivo ivo ilivyo, inafanana sana na ya tapeli: namba ya nchi nyingine, picha zote za ughaibuni, akaunti imefunguliwa juzi, marafiki wa pamoja hakuna, halafu maelezo yanasema "nimerudi". Watu wameshalizwa na hadithi za mtu wa nje anayerudi karibuni na mzigo wake umekwama bandarini. Kwahiyo anayekuona ana maswali mawili kichwani, wewe ni mtu wa kweli? na utakuwepo mwezi ujao? Kila hatua hapa chini inajibu moja kati ya hayo.

Hatua ya 1: Laini na lokesheni

Chukua laini ya nyumbani. Kisha, ile laini ya nje ikiwa bado inapokea meseji, pita kwenye kila akaunti uliyofungua kwa namba hiyo uhamishe. Usisubiri ife. Apu nyingi zinakutumia kodi kwa meseji ukitaka kuingia, na laini ikishakufa kodi inaenda hewani, akaunti unaiona lakini huingii. WhatsApp ni rahisi, unaenda Settings, Account, Change number, unaweka ya zamani na mpya, kodi inakuja kwenye ile mpya, na magrupu yako yanabaki. Itakuuliza kama unataka watu wako wajulishwe, kubali, kuna mtu wa zamani atakutafuta mwenyewe kwa sababu hiyo tu.

Lokesheni iruhusu, fungua apu ukiwa nyumbani, halafu kaangalie sehemu ya mahali unapoishi maana hiyo uliiandika kwa mkono na haijihamishi yenyewe. Apu ikisema uko jirani na maelezo yakisema unaishi bara jingine, ushajulikana wewe ni tapeli tayari.

Hatua ya 2: Picha

Nne zinatosha. Nafasi zipo zaidi ya hapo ila usizijaze kwa kujaza tu.

Ya kwanza iwe ya sura yako, mwanga wa mchana, imepigwa baada ya kurudi. Sio ile nzuri ya miaka mitatu nyuma, hata kama unaipenda. Ya pili uwe unafanya kitu, ya tatu uwe na watu (waombe ruhusa kwanza, wengine hawataki kuwekwa humo), ya nne ndo unaweza kuweka moja ya kule. Moja. Ukiweka tatu za makoti na barafu mtu anahisi bado uko huko, na ukiweka ya uwanja wa ndege na mabegi anahisi unaondoka kesho. Picha ya gari sitaki hata kuijadili, inakuletea watu wa kukukopa. Pia angalia nyuma ya picha, geti la nyumba au namba ya gari visionekane.

Hatua ya 3: Maelezo

Hapa ndo kazi yenyewe, na hapa ndo tulikesha. Bumble inakupa herufi 300 tu, ambazo ni kama sentensi nne fupi, kwahiyo kila neno lina gharama yake. Yule dada alikuwa ameandika hivi:

"Mambo! Nimerudi juzi tu baada ya miaka mingi majuu. Kwa sasa nipo nyumbani, bado nazoea mazingira. Napenda kusafiri, muziki na watu wenye nia njema. Marafiki wangu wa zamani wote wako bize na familia zao so naanza upya. Karibuni!"

Yote ni kweli, na hakuna ubaya wowote kwenye nia yake, lakini yaangalie kama mtu asiyemjua. "Miaka mingi" ni mingapi? Miwili na kumi na mitano ni watu wawili tofauti kabisa, na mtu akificha namba msomaji anaanza kujiuliza kwa nini. "Kwa sasa nipo" inasikika kama mtu aliye likizo, yaani nani atahangaika kujenga urafiki na wa likizo. "Kusafiri, muziki" kila mtu anapenda, hakuna wa kushika hapo, anayetaka kukuandikia anakosa pa kuanzia anaishia "mambo", na wewe unajibu "poa", mazungumzo yamekufa. Halafu ile ya marafiki wa zamani, hiyo inauma kidogo kusema, ila inamwambia mgeni kwamba kuna watu wanaokufahamu na hawapatikani, na yeye anatafutwa kuziba pengo lao.

Tukaibomoa tukaijenga kwa vitu vitatu: umerudi kabisa na ulikaa nje muda gani, wiki yako ikoje, na unatafuta watu wa kufanya nao nini. Ikawa hivi:

"Nimerudi nyumbani mwaka huu baada ya miaka minane nje, na nimerudi kabisa. Jumamosi asubuhi natembea kwa mguu polepole, kama saa nzima, na Jumatano jioni niko huru. Natafuta watu wawili watatu wa kutembea nao au kucheza karata. Karata nafungwa sana ila sinuni."

Hiyo iko chini ya 300, nafasi ya emoji ipo kama we ni mtu wa emoji. Sasa tahadhari, na ziko kadhaa.

"Nimerudi kabisa" andika tu kama ni kweli. Kama bado hujajua, labda una mkataba wa miezi sita au unasubiri makaratasi, andika muda ulionao: "nipo mpaka mwisho wa mwaka". Wapo watu wanaotaka hata urafiki wa miezi sita, ila hawataki kugundua mwezi wa tano.

Nchi uliyokaa hailazimiki kutajwa. Ukiitaja inakuvutia aina mbili za watu, walioishi huko (hao ni dhahabu, mnaelewana bila maelezo marefu) na wanaotaka kwenda huko, ambao watakuuliza habari za viza siku nzima. Mi namshauri mtu aiache kwanza, aone. Isipokuwa kama unawatafuta hao waliorudi kama wewe, basi itaje waziwazi na sema ndio unaowataka.

Sababu ya kurudi usiiweke. Kazi iliisha, ndoa iliisha, mzazi anaumwa, makaratasi yaligoma, hayo ni ya kumwambia mtu mkishakaa pamoja mara mbili tatu. Ukiyaweka juu unavuta watu wa kukuhurumia na watu wa umbea. Ila jiandae na jibu fupi, maana kila mtu atauliza. "Nilitaka kuwa karibu na familia" linatosha, hata kama si lote.

Kulinganisha kule na huku kusiwepo kabisa, hata kwa utani. Kusema "huku watu hawajali muda" kwenye profaili ni kumtukana unayemwita. Utani wenyewe ukija, ujicheke wewe, kama ile ya karata.

Siku zitaje, mahali usitaje. Mtu akijua ni Jumamosi asubuhi anaweza kupanga na wewe, lakini akijua ni Jumamosi asubuhi barabara fulani anaweza kukusubiri pale bila kukuambia. Hii hasa kwa kina dada, na hasa kwa mtu aliyerudi ambaye watu wanamdhania ana hela. Kwa sababu hiyo hiyo, cheo na kampuni ya kule viache, andika fani tu, "mimi ni nesi" imetosha.

Na namba ya watu, wawili watatu, sio bahati mbaya. Ukiandika "natafuta marafiki" kila mtu anadhani wapo wengine wanajibu, ukiandika wawili watatu msomaji anajiona anaweza kuwa mmoja wao.

Lugha: andika unavyoongea. Kama miaka nane imekuachia kuchanganya lugha, kwenye maandishi punguza, kuna watu wanaona maringo hata kama wewe hukukusudia.

Hatua ya 4: Uhakiki

Piga ile selfi ya uhakiki ambayo apu inakuomba, upate alama ya kuonyesha wewe ni mtu wa kweli. Kwa mtu mwingine ni hiari, kwa wewe uliyetoka nje mi naona ni lazima, kwa sababu niliyosema mwanzo.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye apu

Mkishajibizana kidogo, toa wewe ofa, na iwe ile ile iliyo kwenye maelezo: "Jumamosi hii natembea, unakuja?" Mahali penye watu, mchana, muda mfupi wenye mwisho. Wengi waliorudi wanasubiri kualikwa kwa sababu wanajiona wageni, na aliyeko hapa anakuona una mambo yako mengi, basi mnasubiriana mpaka mazungumzo yanaoza. Namba ya simu itoe baada ya kuonana, sio kabla. Atakayeanza habari za mkopo au za kupokea mzigo kabla hamjaonana, mblok bila kumjibu.

Kujua kama inafanya kazi

Iache wiki mbili bila kuigusa, kisha soma meseji za kwanza ulizopata. Wakiuliza "umekuja likizo?" au "unarudi lini?", sentensi ya kwanza au picha ya kwanza ndo yenye shida, anza na picha. Wakiandika "mambo" tupu wote, sehemu ya wiki yako haina kitu cha kushika, ongeza shughuli moja ya kweli. Wakiuliza viza na kazi za nje, umeweka ughaibuni mwingi, punguza. Na kama hakuna aliyeandika kabisa, kabla ya kubomoa maelezo kaangalie lokesheni na umbali ulioweka wa kutafutia watu, mara nyingi umbali umebanwa mno na watu waliopo eneo lenu umeshawamaliza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kipi kilisaidia.