Programu ya benki ikigoma kwa sababu ya Developer options

Ukiona programu ya benki kwenye simu ya Android inajifunga na kutaja Developer options, yaani mipangilio ya watengenezaji wa programu, usikimbilie kuifuta. Kuzima USB debugging peke yake, yaani kipengele cha humo kinachoruhusu kompyuta kuiamuru simu kwa waya, mara nyingi hakutoshi, maana baadhi ya programu huangalia swichi kuu ya mipangilio hiyo. Fungua Settings, tafuta Developer options, zima swichi ya juu kabisa, kisha ilazimishe programu ya benki kusimama na uifungue upya. Kwa kawaida kesi inaishia hapo.

Ikigoma bado, ingia Play Store, bonyeza picha yako, Settings, kisha About, usome palipoandikwa Play Protect certification, yaani uthibitisho wa Google kwa simu. Ukikuta simu haijathibitishwa, shaka mfumo wenyewe, hasa kama simu ni ya mtumba. Mbinu za kuficha rut, yaani ruhusa kamili ya kubadili mfumo wa simu, sizishauri: benki ikisasisha ukaguzi wake, unafungiwa tena. Dawa ni kurudisha mfumo rasmi wa mtengenezaji, na kwanza uhifadhi data kwingine. Kama butiloda, yaani programu inayoanzisha mfumo simu inapowaka, ilifunguliwa, usiifunge tena kabla mfumo rasmi haujarudi kikamilifu, la sivyo simu inaweza isiwake tena. Wakati huo tumia tovuti ya benki au menyu yake ya USSD, kama ipo.