Wingi wa Kijerumani: angalia mkia wa neno

Kwetu wingi hubadilisha kichwa cha neno: kitabu, vitabu. Kijerumani hubadilisha mkia, kwa hiyo soma herufi za mwisho kabla hujafungua kamusi.

Neno la kike (die) linaloishia na -e huongezwa -n: Lampe, Lampen. Lenye -ung, -heit, -keit au -schaft hupata -en, na hapa huhitaji kubahatisha: Wohnung, Wohnungen. La kiume linaloishia na -er au -el kwa kawaida halibadiliki: der Lehrer, die Lehrer. Ila wakati mwingine irabu huvaa nukta mbili, kama Apfel, Äpfel.

Neno likiwa refu, tazama kipande cha mwisho tu. Wohnungsschlüssel, ufunguo wa nyumba, linatisha, lakini mwisho wake ni Schlüssel, la kiume lenye -el. Basi wingi ni die Wohnungsschlüssel, bila kuongeza chochote.

Yanayosumbua ni mafupi ya silabi moja: Tag huwa Tage, Stuhl huwa Stühle, Buch huwa Bücher, Frau huwa Frauen. Hayo mimi huyaandika daftarini pamoja na wingi wake siku ileile ninayokutana nayo.