Kutoka uchambuzi hadi dawati la dola: namna ya kuwa dila wa benki Kampala

Kijana anayemaliza shahada ya uchumi au uhasibu Kampala akitaka kununua na kuuza fedha kwa niaba ya taasisi, milango ni miwili. Wa kwanza ni kampuni ya udalali yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayonunua na kuuza hisa kwenye Soko la Hisa la Uganda. Huko kazi kubwa ni kutekeleza maagizo ya wateja, na mapato hutokana na kamisheni. Wa pili ni idara ya hazina ya benki, ambako dila hushika fedha ya benki yenyewe, na bei ikigeuka hasara ni ya benki. Mwongozo huu unafuata mlango wa pili, hasa dawati la dola na shilingi, kwa sababu ndiko nafasi za kujifunza bei zinakopatikana kila siku.

Hatua ya 1: Ingia upande unaoona kila dili

Benki huigawa hazina sehemu tatu. Ofisi ya mbele inafanya biashara, ofisi ya kati inapima hatari na kusimamia vikomo, na ofisi ya nyuma inathibitisha dili na kuzilipa. Ni nadra mtu mpya kuwekwa mbele moja kwa moja. Anayeanza kama mchambuzi wa ofisi ya kati au afisa malipo wa ofisi ya nyuma yuko karibu zaidi kuliko anayeandika ripoti za uchumi ghorofa nyingine, maana dili zote za siku hupita mikononi mwake.

Ukiwa hapo, jifunze kwanza tarehe ya malipo. Dili ya kawaida ya dola, yaani spoti, hulipwa siku mbili za kazi baada ya kukubaliana, na siku ya malipo lazima benki ziwe wazi Kampala na New York. Chukua dili iliyofanywa Jumatano tarehe 2 Julai 2025. Siku ya pili ya kazi ingekuwa Ijumaa tarehe 4, lakini hiyo ni sikukuu ya Marekani, kwa hiyo malipo yalienda Jumatatu tarehe 7. Dili nyingi za wateja wa hapa nyumbani hulipwa leo leo au kesho, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Dila akinunua dola 200,000 za spoti kisha akauza dola 200,000 za leo, karatasi yake inaonyesha sifuri, lakini nostro, yaani akaunti ya dola ya benki yake kule New York, ina upungufu leo na fedha itaingia siku mbili baadaye. Benki italazimika kukopa dola za siku hizo mbili, na riba yake inaweza kula faida yote ya dili. Mchambuzi anayeliona pengo hilo saa nne asubuhi na kupiga simu dawatini badala ya kungoja ripoti ya jioni, madila hawamsahau nafasi inapotokea.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya pozisheni kwa mkono wako

Pozisheni ni kiasi cha dola ulichobaki nacho au unachodaiwa baada ya kununua na kuuza. Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote. Mifumo ya benki hukokotoa yenyewe, lakini asiyeweza kukokotoa peke yake hatajua mfumo umekosea lini. Fungua Excel, kisha fuata mfano huu wa siku moja. Bei ni za mfano.

Asubuhi huna dola. Msafirishaji wa kahawa anakuuzia dola 300,000 kwa 3,640. Baadaye shirika la misaada linakuuzia dola 200,000 kwa 3,643. Sasa una dola 500,000 mkononi, ulizozilipia shilingi 1,820,600,000. Wastani wa gharama ni 3,641.20. Kiasi kikiwa safu ya B na bei safu ya C, andika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(B2:B3)
```

Mchana mwagizaji wa mafuta ananunua dola 350,000 kwa 3,652. Kila dola imekupa shilingi 10.80 juu ya wastani, kwa hiyo faida iliyokwisha kupatikana ni shilingi 3,780,000. Zimebaki dola 150,000, na wastani wake unabaki 3,641.20. Kuuza hakubadilishi gharama ya kile kilichobaki.

Jioni soko linanunua kwa 3,635 na kuuza kwa 3,645. Dola zako utazithamini kwa bei gani? Kwa 3,635, maana hiyo ndiyo bei ambayo mtu angekulipa ukizitoa sasa hivi. Ungekuwa unadaiwa dola, ungetumia 3,645. Basi kila dola iliyobaki imepoteza shilingi 6.20, jumla shilingi 930,000. Faida ya siku ni 3,780,000 kutoa 930,000, yaani shilingi 2,850,000.

Sasa tazama kosa linalowanasa wachambuzi wengi. Mwingine hachukui wastani wa gharama. Anachukua shilingi zote zilizotoka, anatoa zilizoingia kwa mauzo, anabakiwa na 542,400,000, kisha anagawa kwa dola 150,000 na kupata 3,616. Hesabu hiyo ni sahihi: 3,616 ndiyo bei ambayo ukiuzia zilizobaki, siku nzima inaisha bila faida wala hasara. Kutoka 3,616 hadi 3,635 ni shilingi 19, mara dola 150,000 ni shilingi 2,850,000, jibu lile lile. Tatizo ni pale anapoijumlisha na ile 3,780,000 ya mauzo na kuripoti 6,630,000. Faida ya mauzo ilikuwa imeshaingia ndani ya 3,616, sasa imehesabiwa mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: faida ya dawati inazidi ile ya leja ya wahasibu kwa kiasi kilekile cha faida ya mauzo. Ukiona tofauti ya namna hiyo, anzia hapo kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Fanya karatasi hii kila siku kwa miezi mitatu na uilinganishe na mfumo hadi shilingi ya mwisho. Siku zisipolingana, andika sababu pembeni. Daftari hilo la sababu lina uzito kuliko cheti, na linafaa kupelekwa kwenye usaili.

Hatua ya 3: Jua dola zinatoka wapi na lini

Waajiri hawatafuti mtu wa kutabiri. Wanataka mtu anayejua nani atanunua na nani atauza wiki hii. Uganda ina majira yake. Msimu mkuu wa kahawa wa Masaka na kusini-magharibi huanza karibu Aprili, ule wa kati na mashariki karibu Oktoba, na wasafirishaji huleta dola ili wapate shilingi za kuwalipa wakulima. Tarehe 15 ya kila mwezi kodi ya mishahara na VAT hutakiwa kufika Mamlaka ya Mapato, hivyo kampuni zenye dola huziuza kutafuta shilingi na shilingi hukaza. Wanunuzi wakubwa ni waagizaji wa mafuta na bidhaa za viwandani, na kampuni za nje zinapopeleka gawio kwa wenye mali.

Fuatilia pia minada ya Jumatano ya Benki Kuu, ya hati za serikali za siku 91, 182 na 364 na ya hatifungani. Wawekezaji wa nje wakitaka hatifungani, huuza dola kwanza. Wanapoondoka hali hugeuka, na hugeuka kwa kasi kubwa kuliko walivyoingia.

Weka kalenda ya ukurasa mmoja, na kila asubuhi kabla ya saa mbili na nusu mtumie dila mkuu mistari mitano: soko lilifunga wapi, nani anatarajiwa, kodi au mnada upo lini, dola imekwendaje ng'ambo, nostro ina kiasi gani. Ikizidi hapo haisomwi.

Hatua ya 4: Cheti

Kinachotambulika zaidi kwa kazi hii ni ACI Dealing Certificate. Kinahusu hesabu za fedha za kigeni na masoko ya fedha, pamoja na FX Global Code, kanuni za maadili zilizotolewa mwaka 2017. CFA ni nzuri, ila ni ndefu na inaelekea zaidi kwenye usimamizi wa uwekezaji. Ukiwa na muda wa kimoja tu, chukua ACI.

Hatua ya 5: Usaili wa dawatini

Jaribio la kawaida ni kuombwa bei. Dila mkuu anasema, "Nipe dola mia." Maana yake ni dola 100,000, na hasemi kama ananunua au anauza. Unajibu kwa mfano 3,640 kwa 3,650: unanunua kwa ndogo, unauza kwa kubwa. Anasema, "Nakuuzia." Umenunua kwa 3,640. Mara moja anarudia, "Nipe tena." Wanaorudia 3,640 kwa 3,650 huanguka hapo. Umeshabeba dola, na aliyekuuzia huenda bado anazo nyingi. Shusha pande zote mbili, mfano 3,636 kwa 3,646. Hivyo akikuuzia tena unalipa bei ndogo kuliko ya kwanza, na anayetaka kununua anapata kwako bei ya kumvutia.

Kisha litakuja swali la kosa: umenunua ulipokusudia kuuza, utafanyaje? Jibu wanalolitaka ni kufunga pozisheni mara moja kwa bei iliyopo, kumwambia mkuu wako wakati uleule, kisha kuandika taarifa. Anayesema atasubiri kidogo bei irudi hatapewa kiti, hata hesabu zake ziwe nzuri vipi. Hasara kubwa za madawati mara nyingi zilianza kama hasara ndogo iliyofichwa ikisubiri bei irudi.

Hatua ya 6: Miezi ya kwanza mbele

Utaanza na dili za wateja au ukopeshaji wa shilingi kati ya benki, kisha utapewa kikomo chako. Tuseme dola 100,000 mchana, sifuri usiku, na hasara isiyozidi shilingi milioni moja kwa siku. Igeuze milioni hiyo kuwa bei kabla ya kuingia: kwa dola 100,000 ni mwendo wa shilingi 10 tu. Kama siku hiyo soko linapanda na kushuka shilingi 15, chukua dola 50,000 ili upate nafasi ya shilingi 20. Kikomo kinaruhusu zaidi, lakini mwendo wa soko hauruhusu.

Siku unayohamia mbele, hakikisha ruhusa zako zote za ofisi ya nyuma zimefungwa, kuanzia SWIFT, mtandao wa kutuma maagizo ya malipo kati ya benki, hadi uthibitishaji wa dili, na uombe barua inayosema hivyo. Mtu anayeweza kufanya dili na kuilipa mwenyewe ndiye wa kwanza kuangaliwa na wakaguzi. Ruhusa iliyosahaulika kwenye mfumo huhesabika kwa jina lako, hata kama hujaigusa.