Jinsi ya kuomba kipimo cha chekeche cha mchanga na kokoto Uganda, na kusoma majibu yake

Mwongozo huu ni wa fundi mkuu, mkandarasi mdogo au mwenye nyumba ambaye mhandisi wake amemwambia: "Sitakuruhusu kumwaga zege la slabu mpaka nione majibu ya mchanga." Maabara wana kazi yao na wanaijua. Makosa mengi hutokea kabla hujafika kwao, kwenye barua na kwenye gunia, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza, chagua maabara na uulize kabla ya kubeba kitu

Kwa walio Kampala na viunga vyake, Maabara Kuu ya Vifaa ya Wizara ya Ujenzi na Usafirishaji iko Kireka. Shirika la Viwango, UNBS, liko Bweyogerere, si mbali na hapo. Vyuo vya uhandisi na kampuni binafsi nazo zina machekeche. Piga simu au pita uulize mambo mawili: wanapokea sampuli siku gani, na kama wanaweza kupima kwa kuosha, si kwa kukausha na kutikisa tu. Sababu ya swali hilo la pili utaiona huko chini.

Pili, andika barua

Barua huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi, na humwendea mkuu wa maabara. Taja jina la mradi na mahali ulipo, mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi msimamizi, na namba ya simu ya mtu atakayechukua majibu. Kisha eleza kila sampuli ilikotoka: mchanga umechimbwa wapi, kokoto zimepondwa kwenye machimbo gani, na siku uliyochota.

Baada ya hapo kuna sentensi ambayo watu wengi huisahau, nayo ndiyo roho ya barua. Taja njia ya kupima na kiwango ambacho majibu yatalinganishwa nacho. Kwa mfano, kwa viwango vya Marekani viitwavyo ASTM, Kiingereza chako kiwe na maana hii: "Tunaomba mchanga, sampuli M1, upimwe kwa ASTM C136 pamoja na kuoshwa kwa ASTM C117, na majibu yalinganishwe na mipaka ya ASTM C33." Ukiandika "tunaomba mtupimie mchanga" peke yake, utapewa asilimia bila hukumu, na mhandisi atakurudisha. Kiwango chenyewe unakitoa kwenye masharti ya mkataba wako. Ukikikosa hapo, muulize mhandisi. Usibahatishe, kwa sababu mchanga ule ule unaweza kufaulu kwa kiwango kimoja na kuanguka kwa kingine, kama mfano wangu utakavyoonyesha.

Taja pia kazi ya zege na daraja lake, mathalani slabu ya C25 yenye kokoto za 20 mm. Hapo mpimaji atajua saizi gani zinamhusu.

Tatu, chota sampuli

Lori la tipa likimwaga mzigo, chembe kubwa hubingirika hadi chini ya lundo na laini hubaki juu na katikati. Ukichota beleshi moja ubavuni, umechukua lundo lisilokuwepo. Fukua juujuu kwanza, kisha chota sehemu kumi hivi: chini, katikati na karibu na kilele, pande zote za lundo. Changanya vyote juu ya turubai safi, fanya koni, ibonyeze iwe kama chapati, igawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, na urudie mpaka ubaki na kiasi unachotaka. Kama mchanga ni mkavu kabisa, unyunyizie maji kidogo kabla ya kuugawa, maana mkavu hujitenga wenyewe kila unapouinua.

Peleka kilo 15 hivi za mchanga na kilo 25 za kokoto za 20 mm. Maabara haitachekecha zote, itazigawa tena, lakini inahitaji ziada ya kurudia kipimo.

Kuhusu gunia, nawaomba mnisikilize. Wakati fulani nilipeleka mchanga kwenye mfuko wa saruji uliotumika, nikidhani nimeukung'uta vya kutosha. Unga wa saruji ulioganda kwenye mishono ukaingia kwenye mchanga, na majibu ya vumbi yakaja juu kuliko mchanga wenyewe ulivyo. Nililipa mara mbili na slabu ikachelewa. Hata gunia jipya la kusukwa lina ubaya wake, kwani kwenye bodaboda au pikapu linavuja chembe laini njia nzima. Tumia mfuko mzito wa plastiki ndani ya gunia, ufunge vizuri, uweke lebo moja ndani na nyingine nje.

Nne, lipa na ukabidhi

Kwenye taasisi za serikali hulipi taslimu dirishani. Unapewa bei, inatolewa namba ya malipo ya URA iitwayo PRN, unalipa benki au kwa simu, na unarudi na risiti. Mpokeaji ataandika sampuli yako kwenye daftari na kukupa namba. "Sebo, mchanga huu ni wa ziwa au wa shimo?" ndilo swali utakaloulizwa, na jibu lako liwe sawa na barua. Hakikisha namba uliyopewa imeandikwa kwenye gunia lako mbele ya macho yako.

Kinachofanyika ndani

Mchanga hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 110 hivi mpaka uzito usishuke tena. Hupimwa uzito, huoshwa juu ya chekeche la 0.075 mm ili udongo na vumbi vipite na maji, hukaushwa tena, ndipo unawekwa juu ya mnara wa machekeche: 4.75, 2.36, 1.18, 0.6, 0.3 na 0.15 mm, chini kabisa sahani. Mnara hutikiswa kwa mashine, kisha kila chekeche hupimwa kilichobaki juu yake.

Kuosha kuna maana kubwa kwa mchanga wa shimo. Udongo wa mfinyanzi hauanguki kwa kutikiswa. Unaganda kwenye chembe au unafanya vidonge vidogo, na vidonge hivyo huhesabiwa kama mchanga mzuri. Zege likichanganywa, vinayeyuka na kunywa maji yako.

Tano, soma karatasi

Chukua mfano huu wa mchanga laini wa ziwa, aina inayoletwa kutoka Lwera kwenye barabara ya Masaka. Namba ni zangu za kuelezea, lakini sura yake ndiyo hiyo. Gramu 500 zimechekechwa, na zilizobaki kutoka chekeche la juu hadi la chini ni 5, 10, 30, 95, 230 na 110, na 19 kwenye sahani. Jumla ni 499. Upungufu wa gramu 1 ni asilimia 0.2. ASTM inaruhusu 0.3, kwa hiyo kipimo kinakubalika. Jumla hii ifanye mwenyewe kila mara. Ikikosea sana, omba kipimo kirudiwe.

Angalia pia ile 230. Chekeche la kipenyo cha 200 mm halitakiwi kubebeshwa zaidi ya gramu 200 hivi kwa saizi hizi, vinginevyo chembe zinazibiana njia na mchanga unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mpimaji mzuri huugawa mchanga na kuuchekecha kwa mara mbili. Una haki ya kumuuliza kwa heshima kama alifanya hivyo.

Sasa asilimia iliyopita: 99, 97, 91, 72, 26 na 4. Kwa mipaka ya BS 882, kiwango cha zamani ambacho bado kinatajwa kwenye mikataba, mchanga huu umepita. Kwa ASTM C33 umeanguka: kwenye 1.18 mm mwisho ni 85, nao una 91; kwenye 0.6 mm mwisho ni 60, nao una 72. Zaidi ya hayo, asilimia 46 imekaa kati ya 0.6 na 0.3, na C33 haitaki zaidi ya 45 kati ya machekeche mawili yanayofuatana. Ukijumlisha asilimia zilizobaki, 1, 3, 9, 28, 74 na 96, ukagawa kwa 100, unapata 2.11. Hiyo ndiyo FM ya kwenye karatasi, namba moja inayoeleza ukubwa wa chembe kwa jumla. C33 inataka 2.3 hadi 3.1, na namba ikiwa ndogo, mchanga ni laini zaidi.

Ulaini huo unaumiza wapi? Chembe ikipungua kipenyo nusu, kilo moja ya mchanga inakuwa na uso mara mbili wa kulowanisha. Zege linakuwa zito kwenye beleshi, koni ya slampu haishuki, na kijana wa mikserini anaongeza ndoo bila kumwambia mtu. Zege lililopangwa kwa kilo 350 za saruji na lita 175 za maji lina uwiano wa 0.50. Ongeza lita 25 ufike 0.57, na nguvu ya kyubu inashuka zaidi ya sehemu ya kumi, na saruji hujapunguza hata mfuko mmoja. Mchanga mkubwa mno una ubaya wa upande wa pili: maji yanapanda juu, kokoto zinajitenga, na ukifungua mbao unakuta matundu pembeni mwa nguzo.

Kokoto nazo zisome kwa jicho hilo. Zikiwa zote za saizi moja, bila za 10 mm za kujaza katikati, nafasi kati yao zitadai mchanga na saruji zaidi.

Sita, kama umeanguka

Si lazima uutupe mchanga wote. Dawa ya kwanza ni kupunguza sehemu ya mchanga kwenye mchanganyo na kuongeza kokoto, kwa kuwa mchanga laini hujaza nafasi kwa kiasi kidogo. Dawa ya pili ni kuuchanganya na vumbi la kokoto kutoka kwa waponda mawe. Tuseme vumbi hilo limepitisha 95, 68, 45, 30, 20 na 12. Kwa uzito wa mchanga 65 na vumbi 35, hesabu ya chekeche la 0.6 ni 0.65 × 72 + 0.35 × 30, sawa na 57.3, chini ya 60. Ukifanya hivyo kwa yote utapata 97.6, 86.9, 74.9, 57.3, 23.9 na 6.8, yote ndani ya C33, na FM ya 2.53.

Lakini hesabu haitoshi. Vumbi la kokoto lina unga mwingi, na ule unaopita chekeche la 0.075 mm hauonekani kwenye namba hizi sita. Peleka sampuli ya pili, ya mchanganyo wenyewe, kwa barua fupi inayotaja namba ya sampuli ya kwanza, na uombe tena kuoshwa. Ikipita, mwombe mhandisi zege la majaribio: pima slampu kwa maji yaliyopangwa, kisha mimina kyubu za kuvunjwa siku ya 7 na ya 28. Muuza mchanga akibadilisha shimo, hata kama ni lori moja tu, barua nyingine inaanza.