Somo: Namna ya kusoma maelezo ya alama za lugha ya viziwi, na kwa nini maandishi hayawezi kukupa alama yenyewe

Nimeulizwa mara nyingi mno, "Mwalimu, alama ya neno fulani ni ipi? Niandikie." Ninaandika somo hili ili swali hilo nilijibu mara moja.

Maneno ya Kiswahili hufuatana, moja baada ya jingine, lakini alama hutokea yote kwa wakati mmoja: umbo la mkono, mahali pake mwilini, mwelekeo wa kiganja, mwendo na uso. Mwaka 1960 William Stokoe, akichunguza lugha ya alama ya Marekani, alionyesha kwamba alama hujengwa kwa sehemu ndogo, naye alianza na tatu: umbo, mahali na mwendo. Kwa hiyo anayekujibu kwa maandishi anaibomoa alama vipande vipande, na kazi ya kuiunganisha tena inabaki kwako.

Nitatumia mfano wa Kimarekani kwa sababu video zake ni rahisi kupatikana. Msiupeleke kwa viziwi wa Mtwara mkidhani ni Lugha ya Alama ya Tanzania.

Hatua ya kwanza: soma maelezo yote kabla ya kuinua mkono.

Hatua ya pili: tafuta sehemu zote tano, na iliyokosekana iulizie. Mtu akikuandikia "kidole cha shahada kinavutwa mbele ya uso huku kikijikunja kama ndoana", bado hujapewa alama. Mwendo huo ukifanywa kwenye paji la uso ni "kiangazi", puani ni "mwenye sura mbaya", kidevuni ni "kavu". Neno moja lililoachwa, la mahali, linaweza kukufanya umtukane mtu uliyetaka kuzungumza naye habari za jua.

Hatua ya tatu: jua kulia kunakotajwa ni kwa nani. Hapa niliharibu mimi mwenyewe. Nilitazama video ya "kiangazi", nikawaandikia wanafunzi wangu wa Chikongola kwamba kidole kinatoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa ndivyo nilivyokiona kwenye kioo cha simu. Lakini anayeonyesha alama alikuwa amenielekea. Kwake yeye kidole kilitoka kushoto kwenda kulia. Wanafunzi walijifunza kinyume kwa wiki mbili, na kibaya zaidi, walipojitazama kwenye kioo cha ukutani waliona mwendo unaofanana kabisa na wa video, kwa sababu kioo nacho hugeuza. Tulilitambua kosa siku tuliyowarekodi kwa kamera ya nyuma ya simu. Jihadharini: kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo, hivyo inaweza kulificha kosa hili. Tangu hapo siandiki "kulia" wala "kushoto". Ninaandika "kutoka upande wa pili kuelekea upande wa mkono unaotumika".

Hatua ya nne: jirekodi, linganisha na video, kisha mwonyeshe kiziwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Mwalimu, naomba alama ya "shikamoo" kwa kifupi tu.

Jibu: Ndugu, rudia aya ya pili. Kifupi ndicho kinachopotosha.

Mwanachama, Lindi Mjini: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Je, nibadilishe mkono?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tumia mkono wako wa kushoto, na mwendo wote ugeuke pamoja nao. "Kiangazi" kwako kitatoka kulia kwenda kushoto. Usibadilishe mkono katikati ya mazungumzo bila sababu. Hii ndiyo faida ya kuandika "mkono unaotumika": maelezo yaleyale yanamfaa kila mtu.

Mwanachama, Newala: Hakuna mwandiko wa alama kama tulivyo na herufi?

Jibu: Swali zuri, dada. Upo. Valerie Sutton alibuni mmoja mwaka 1974, wenye vichoro vya mikono na uso vilivyopangwa kama mwili ulivyo, hivyo sehemu nyingi husomwa kwa pamoja. Lakini lazima ujifunze kuusoma, na wengi wetu hatujajifunza.

Mwanachama, Masasi: Basi mbona watu huandika KIANGAZI kwa herufi kubwa na kuelewana?

Jibu: Hilo ni jina la alama, nalo humfaa anayeijua tayari. Halikuambii mkono ukae wapi.

Mwanachama, Nachingwea: Na uso unaandikwaje?

Jibu: Andika unachofanya na unapoanza. Kwa Kimarekani, swali la ndiyo au hapana huinua nyusi, na swali la "nani" au "nini" huzikunja. Ukiandika tu "uso wa kuuliza", msomaji atachagua nyusi zake mwenyewe. Kidokezo cha pembeni: ukirekodi, usikae na dirisha nyuma yako, maana uso utakuwa giza na nyusi hazitaonekana.

Mwanachama, Lindi Mjini: Nikimwonyesha jirani yangu kiziwi akafanya tofauti na maelezo niliyopewa?

Jibu: Mwulize alisoma shule gani, kwa kuwa alama zinaweza kutofautiana baina ya shule na shule. Kisha andika sehemu zote tano kama alivyozifanya yeye, pembeni ukiweka mji na jina la shule, na maelezo ya zamani usiyafute.