Somo: Ndugu yako kafungwa kwa kutambuliwa usiku? Anzia kwenye taa

Wakuu, nimeandika hili mara moja ili kila anayenifuata inbox au kwenye meza yangu ya dagaa pale mwaloni Kirumba nimwelekeze huku. Mimi si wakili. Mdogo wangu alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akakaa ndani miaka minne, na Mahakama ya Rufani ikamwachia. Ninachokijua nimekijua kwa kufuatilia jalada lake.

1. Notisi. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu. Mfungwa anaipitisha kwa mkuu wa gereza.

2. Nakala. Omba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Petisheni ya rufaa ina siku 45, ila siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Bila barua yenye muhuri utathibitishaje kwamba ulikuwa unasubiri?

3. Soma mwenendo wote. Usianze na hukumu. Hukumu ni vile hakimu alivyoona, mwenendo ni kile mashahidi walichosema. Wa kwetu uliandikwa Kiingereza ingawa mashahidi walisema Kiswahili, kwa hiyo nikamwomba mwalimu wa sekondari akae nami Jumapili mbili.

Kisa chenyewe: saa 8 usiku watu wanne walifika na mtumbwi kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, wakamkata mlinzi panga begani na kuondoka na injini ya boti. Mlinzi akasema mahakamani alimtambua mdogo wangu "kwa mwanga wa taa ya sola". Basi. Huo ndio ushahidi wote uliomfunga, maana injini haikuonekana.

Mlinzi yule simwiti mwongo. Alikatwa kweli, na mtu aliyeshikiwa panga gizani anaweza kuapa kwa moyo mweupe na bado akawa amekosea. Ndiyo maana tangu kesi ya Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inasema ushahidi wa kutambua kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Chukua kalamu, tafuta majibu haya ndani ya maneno ya shahidi mwenyewe: alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani? Alikuwa anamfahamu kabla?

Kwenye ukurasa ule taa ilitajwa mara moja tu. Haikusemwa ilining'inia wapi, iliangaza hatua ngapi, wala kama ilimmulika mnyang'anyi au ilimmulika mlinzi. Anayevua dagaa anaelewa: ukisimama chini ya taa, aliye nje ya duara la mwanga humwoni sura, yeye ndiye anayekuona wewe.

Kisha tafuta swali la tano, ambalo wengi hulipita: jina lilitajwa lini mara ya kwanza? Mlinzi alisema anamfahamu mdogo wangu miaka miwili. Lakini asubuhi ile ile alizungumza na kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na akaandika maelezo polisi, na kote huko alisema "watu nisiowajua". Jina lilikuja siku ya sita. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita inasema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndiyo dhamana kubwa ya kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kumshtua hakimu. Jibu hilo sikulipata kwa shahidi wa kwanza. Lilikuwa kwa shahidi wa nne, askari mpelelezi, alipoulizwa maswali ya kupinga. Soma mpaka mwisho.

4. Kuandika sababu za rufaa. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na haraka, nikamlipa mtu shilingi 80,000 aandike petisheni kabla hatujapata mwenendo. Akaandika sababu tano za jumla: "ushahidi haukutosha", "hakimu alikosea kisheria na kimantiki", na nyingine za aina hiyo. Taa haimo. Siku ya sita haimo. Na mdogo wangu alijitetea kwamba usiku ule alikuwa Ukerewe kwenye msiba, hakimu hakulipima hilo hata kwa mstari mmoja, nalo halimo. Rufaa ya kwanza ikatupwa. Tulipofika Mahakama ya Rufani, suala la utambuzi lilisikilizwa kwa sababu ni la kisheria, lakini la Ukerewe likakataliwa: ni la ushahidi, na halikulalamikiwa kwenye rufaa ya kwanza. Tulishinda kwa taa na kwa siku ya sita. Nikiwaza kwamba yote hayo yalikuwemo kwenye karatasi tangu mwanzo, inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo: kila sababu itaje shahidi na ukurasa. Kama petisheni imeshapelekwa ikiwa dhaifu, omba kuleta sababu za nyongeza kabla rufaa haijasikilizwa. Usingoje hatua inayofuata.

5. Ukishindwa Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30.

MASWALI

Mwanachama, Geita: Kaka yangu kafungwa anaonewa, nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 1 na ya 2. Kisha niambie tarehe ya hukumu.

Mwanachama, Nyegezi: Dada, haya yote ya nini? Si asubiri msamaha wa Rais, wanatolewa kila mwaka.

Jibu: Msamaha unamtoa gerezani, haufuti hatia. Mdogo wangu hakuwa na kosa la kusamehewa.

Mwanachama, Sengerema: Shikamoo dada. Kwetu shahidi hakumfahamu mtuhumiwa kabisa, ila alimchagua kwenye gwaride la utambulisho. Hapo taa bado ina maana?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Ina maana zaidi, kwa sababu mgeni ni rahisi kumchanganya. Angalia kwanza maelezo yake ya polisi kabla ya gwaride: alieleza urefu, rangi, mavazi, alama? Kama hakueleza chochote, gwaride halina cha kulinganishwa nacho. Kisha tazama fomu ya gwaride: watu walikuwa wangapi na walifanana naye kwa umri na umbo? Utaratibu wa polisi unataka wasiopungua wanane kwa mtuhumiwa mmoja. Na je, shahidi alimwona mtuhumiwa kituoni kabla? Kama hakukuwa na gwaride, akamnyooshea kidole kizimbani tu, andika hilo kuwa sababu ya kwanza.

Mwanachama, Musoma: Shahidi ameanza kusema mtaani kwamba alidanganya. Nimfuate nimrekodi?

Jibu: Usimfuate! Utaambiwa umemtisha au umemhonga. Mtume wakili au msaidizi wa kisheria, na shahidi mwenyewe aape hati ya kiapo kwa hiari yake. Rufaa ikiwa bado iko Mahakama Kuu, Mahakama ina uwezo wa kuchukua ushahidi wa ziada. Kama Mahakama ya Rufani imeshaamua, inabaki maombi ya marejeo, yaani kuiomba Mahakama hiyo hiyo iangalie upya hukumu yake, ndani ya siku 60, na hukumu kupatikana kwa uongo wa kiapo ni moja ya sababu zake. Mlango huo ni mwembamba sana, kwa hiyo usichelewe.

Mwanachama, Igoma: Hizo kesi tunazipata wapi bila kulipa?

Jibu: tanzlii.org, bure. Andika "visual identification" pamoja na "Mwanza", soma tatu zilizoshinda na tatu zilizoshindwa.

Mwanachama, Sengerema: Nimepata fomu, dada. Walikuwa watano.

Jibu: Toa kopi mbili leo hii, moja ibaki nyumbani. Kisha nitajie ukurasa.