Simu yako inavyopokezanwa na minara, Mtwara hadi Lindi

Nafanya kazi ya minara, na kila nikipanda basi la Lindi hakosi abiria wa kuniuliza: "Fundi, gari linakimbia hivi, mbona simu haikatiki?"

Fikiria mbio za kupokezana vijiti, ila geuza jambo moja: wakimbiaji, yaani minara, wamesimama palepale. Kinachosafiri ni kijiti, yaani simu yako. Wala sauti hairuki mnara kwa mnara mpaka Lindi. Mnara ulio karibu nawe unaidaka hewani, kisha inapita kwenye mkongo au maikrowevu hadi mtambo mkuu. Njiani anabadilika mshika kijiti tu.

Hatua ya 1: simu inapima. Kwenye 2G, huku unaongea, simu inasikiliza minara jirani na kutuma ripoti kama mara mbili kwa sekunde. Inataja isiyozidi sita, ile inayosikika vizuri zaidi.

Hatua ya 2: kocha anaamua. Simu haijichagulii mnara. Anayeamua ni mtambo unaosimamia minara. Tuseme unateremkia Mikindani. Mnara wa mjini unasomeka -92, wa Mikindani -90 (iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu). Tofauti ni desibeli 2 tu, kwa hiyo kocha anasubiri. Angeharakisha, simu ingerushwa huku na huku kila kilima kinapokinga. Kama kizingiti tumeweka 4, basi mjini ikishuka -94 na Mikindani ikapanda -88, tofauti ni 6: kijiti kinatolewa.

Hatua ya 3: mpokeaji ananyoosha mkono kwanza. Mnara mpya unatenga nafasi, ndipo simu inaamriwa kuhama. Sauti inakatika kidogo sana, sikio halishtuki. Mnara wa zamani unaachia nafasi yake. (3G ina ujanja wake: wawili wanaweza kushika kijiti kwa pamoja.) Nafasi zikiwa zimejaa, kijiti kinabaki kwa mkimbiaji anayezidi kuishiwa pumzi, hadi kidondoke.

Simu ikikatika mahali palepale kila siku. Dereva mmoja alinilalamikia hivyo: akitoka Mtwara simu inakata kabla ya Mnazi Mmoja. Nikamuuliza, "Na ukirudi?" Akasema, "Nikirudi haikati kamwe."

Jibu hilo lilinitosha. Kungekuwa na shimo la mtandao, lingemkata kwenda na kurudi. Kila mnara una orodha ya majirani, na simu hupima walioandikwa humo tu. Orodha huandikwa kwa kila upande peke yake. Mnara wa upande wa Mtwara tuuite A, na unaofuata ukielekea Mnazi Mmoja tuuite B: B alimjua A, lakini A hakuandikiwa B. Tulikwenda na simu ya kupimia, tukaona mnara wa A unafifia hadi -105 huku ripoti haimtaji B hata mara moja, ingawa B alikuwa anaonekana kwa macho juu ya mikorosho. Tulimwandika B kwenye orodha ya A, na safari iliyofuata dereva alipita pale akiongea.